Akiba ya fezi digrii 88 na bado dishi linatikisika. Barua ya mwalimu wangu hii hapa, mnasemaje?

#1 kijana_wa_shela

Wakuu, salaam. Niko Malindi, nasoma uhandisi mwaka wa nne. Mradi wangu ni dishi dogo juu ya paa la mjomba, linazungushwa na mota lifuate satelaiti. Mota iko chini ya mlingoti, dishi liko juu, na katikati kuna kiungo cha mpira alichonikatia fundi kutoka kwenye tairi kuukuu. Sensa ya pembe nimeifunga juu kabisa, kwenye dishi lenyewe. Mota ina kidhibiti chake cha kasi. Mimi naipa kasi kulingana na kosa la pembe, kosa mara 4, basi.

Nikapima kitanzi, yaani njia nzima ya ishara kutoka sensa hadi mota na kurudi, kama tulivyofundishwa. Nikapata akiba ya fezi digrii 88, yaani ishara ingeweza kuchelewa digrii 88 zaidi kabla kitanzi hakijaanza kuyumba chenyewe. Darasani digrii 60 tulikuwa tunaiita starehe. Lakini nikiliamuru dishi ligeuke digrii 10, linafika upesi, halafu linatikisika digrii moja na nusu huku na huku, mara nne kila sekunde, na linachukua sekunde nane kutulia. Nikamwandikia mwalimu nikamuuliza kama hizo 88 ni za uongo. Amenijibu na ameniruhusu niibandike:

> Kijana wangu,
>
> Digrii 88 si za uongo. Nimerudia hesabu zako nimepata zilezile. Tatizo ni kwamba umeziuliza swali lisilo lao. Akiba ya fezi hupimwa mahali pamoja tu, pale geini ya kitanzi, yaani ukuzaji wa ishara ikizunguka mara moja, inaposhuka ikawa moja. Kwako ni kwenye radiani 4 kwa sekunde. Hapo mambo yako ni mazuri kweli.
>
> Ila anza na ulichokiona kwa macho. Kitanzi chenye uhaba wa fezi huyumba karibu na masafa hayohayo, yaani kwako ingekuwa mzunguko mmoja kila sekunde moja na nusu. Wewe umehesabu mitikisiko minne kwa sekunde, ambayo ni radiani 25. Dishi lilikuwa linakuelekeza pa kutafuta, nawe ukaendelea kutafuta kwenye 4.
>
> Sasa fungua jedwali lako. Umepima kwenye 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Kwenye 16 geini ni 0.41 na fezi ni hasi 102. Kwenye 32 geini ni 0.18 na fezi ni hasi 248. Ukaunganisha nukta mbili kwa rula, ukasema fezi inapopita hasi 180 geini itakuwa kama 0.27, kwa hiyo nafasi ipo tele. Katikati ya 16 na 32 kuna mlima, na umeuruka.
>
> Mpira, mlingoti na uzito wa dishi vikikaa pamoja ni springi. Umenitumia rekodi ya siku uliyozima mota ukalisukuma dishi kwa mkono: linacheza kwenye radiani 25 na breki yake ya asili ni 0.1. Kwenye masafa hayo springi hurudisha fezi nyuma digrii 90, na kitanzi chako kilikuwa tayari nyuma digrii 90 nyingine. Jumla ni hasi 180 kamili. Na papo hapo springi inakuza ishara mara tano. Piga hesabu:
>
> `4 / (2 × 0.1 × 25) = 0.8`
>
> Kwenye mchoro wa Nyquist umepita 0.2 tu kutoka kwenye hasi moja, nukta ambayo kitanzi kikiifikia hakitulii tena. Chochote kinachotikisa dishi kwa masafa hayo, kitanzi chako kinakikuza mara tano badala ya kukipunguza. Umefanya kama nahodha aliyetupa bildi mlangoni akapata pima kumi, akaenda kulala, na mwamba uko mbele.
>
> Jambo hili nataka ulale nalo. Dishi likiachwa lenyewe, mota imezimwa, hutulia kwa sekunde moja na nusu hivi. Kitanzi kikiwashwa, sekunde nane. Maana yake kitanzi hakikushindwa kuzuia mtikisiko, ndicho kinachoulisha. Breki ya 0.1 uliyopewa bure na mpira wa tairi, umeila ikabaki 0.02.
>
> Tia chujio la kawaida, la nguzo moja, kwenye radiani 8. Geini ya pale kwenye 25 itashuka hadi chini ya theluthi, na fezi itasogea digrii 72 zaidi, kwa hiyo mlima utaelekea upande mwingine, mbali na hasi moja. Akiba yako ya fezi itashuka kutoka 88 hadi 63. Usishtuke. Ungeweza pia kuifanya ile 4 iwe 2, lakini dishi litakuwa goigoi na satelaiti haitakusubiri.

Ndiyo hiyo. Kinachonikera ni hiki: napunguza akiba ya fezi ili mtikisiko uishe? Nani ananielewesha?

#2 FundiPampu

Kijana, hilo nalijua. Nilikuwa na pampu ya maji kwenye hoteli moja huku Watamu, presha inapanda inashuka, inapanda inashuka, wageni wanaoga mara maji ya moto mara baridi. Nikabadilisha namba za kidhibiti wiki nzima. Mwisho nikafungua tenki la presha, puto la ndani halina upepo hata kidogo. Nikajaza, ikaisha. Angalia tenki lako.

#3 kijana_wa_shela

Mzee FundiPampu, shukrani, lakini ni dishi. Halina tenki 😅

#4 FundiPampu

Nimesoma juujuu. Lakini funzo ni lilelile, usiguse namba kabla hujagusa chuma.

#5 nahodha_mstaafu

Mimi sijui fezi. Najua usukani. Mwanamaji mpya ukimpa usukani wa jahazi, chombo kikilalia kushoto anavuta kulia, na chombo kizito, hakijibu saa ileile. Anavuta tena. Kikianza kuja kinapitiliza, anavuta kushoto. Ukitazama mkondo wa nyuma ni nyoka mtupu. Dawa ni avute kidogo na asubiri. Mwalimu naye amesema namba 4 iwe 2, si ndiyo hiyo?

#6 Bi_Mkokoni

Nahodha, mfano wako ni mzuri ila ni wa ugonjwa mwingine. Nyoka wa mwanamaji ni mpole, mkubwa, anakwenda kwa mwendo wa chombo chenyewe. Huo ndio uhaba wa fezi. Dishi la kijana halifanyi hivyo. Linafika vizuri, na juu ya ufikaji huo mzuri kuna mtetemo wa haraka haraka. Ni kama jahazi lako liende sawa kabisa lakini foromali inapigapiga kwenye mlingoti, na kila ikipiga mwanamaji anaijibu kwa usukani, akiichochea bila kujua.

Kijana, kwa swali lako: akiba ya fezi ni umbali wa kutoka hasi moja, lakini umepimwa kwa kamba moja, upande mmoja. Wewe kamba hiyo ilikuwa ndefu mno na nyingine, ya geini, ilikuwa fupi mno. Mwalimu amekata ile ndefu akaunga fupi. Digrii 63 zilizobaki ni nyingi.

Kabla ya yote fanya jaribio moja. Chora kwenye skrini amri unayoipa mota, si pembe peke yake. Amri ikitikisika nayo mara nne kwa sekunde, kitanzi kimo ndani ya ngoma. Amri ikiwa imetulia na dishi linacheza, ngoma iko nje ya kitanzi na chujio halitakusaidia kitu.

#7 Msemakweli

Mnazunguka mbuyu. Hiyo ni giaboksi. Giaboksi za bei rahisi meno yake yana uwazi, mota inageuka kidogo kabla mzigo haujahisi chochote. Nimeona mashine tatu na zote zilikuwa hivyo. Fezi ya nini?

#8 Bi_Mkokoni

Uwazi wa meno ukiwa ndio mwenye kosa, mtikisiko hauishi. Unabaki na ukubwa uleule asubuhi hadi jioni mpaka uzime umeme. Wa kijana unafifia kwa sekunde nane.

#9 Msemakweli

Unafifia mpaka wapi? Amesema "linatulia". Kutulia kwa macho ya kijana au kwa sensa? Aende akasome namba za mwisho mwisho.

#10 kijana_wa_shela

Nimekwenda kuangalia rekodi. Bi Mkokoni: amri ya mota inatikisika, mara nne kwa sekunde, sawasawa na dishi. Msemakweli: baada ya sekunde nane inabaki chembe ya mtikisiko, kama sehemu moja ya kumi ya digrii, na hiyo haiishi. Sikuwahi kuiona.

#11 Msemakweli

😂😂 Asante. Nimemaliza.

#12 Bi_Mkokoni

Hujamaliza, umepata mkia wa ng'ombe si ng'ombe. Ile digrii moja na nusu inatokana na springi. Hiyo chembe inaweza kuwa meno, au ngazi za sensa yenyewe. Sensa ina ngazi ngapi kwa mzunguko mmoja?

#13 kijana_wa_shela

4096. Kwa hiyo ngazi moja ni chini ya digrii 0.09.

#14 Bi_Mkokoni

Basi inaweza kuwa ni sensa inarukaruka ngazi moja tu. Au meno. Kwa namba hiyo siwezi kuwatenganisha.

#15 dj_wa_langoni

Nimecheka, maana hili ni jambo la harusi. Ukifungua maikrofoni Lamu kwenye ukumbi wa mabati, inapiga mluzi. Na mluzi ni ule ule kila siku kwa ukumbi ule ule, haubadiliki. Sishushi sauti yote, watu hawatasikia taarab. Nashusha kitufe kimoja kwenye ikwalaiza, chenye mluzi peke yake, mengine nayaacha. Kwa nini mwalimu anakata kuanzia radiani 8 kwenda juu kote? Akate 25 tu. Kijana abaki na fezi zake.

#16 Bi_Mkokoni

DJ, uko nusu njia, na nusu hiyo ni nzuri. Kukata 25 tu kunafanya kazi, na mahali pengi hufanywa. Sharti ni kwamba mluzi usihame. Ukumbi wa mabati hauhami. Mpira wa tairi juu ya paa la Malindi unahama: saa saba mchana umekuwa laini, alfajiri ni mgumu. Kitufe chako kimekaa kwenye 25 na mlima umeshuka kwenye 23. Tena kitufe chembamba hugeuza fezi ghafla pembeni mwake, kwa hiyo ukikosea kidogo unaweza kuharibu zaidi ya kama ungeacha. Chujio la mwalimu ni butu, na ubutu wake ndio faida yake. Mlima ukihama kidogo bado uko chini ya kivuli.

#17 kijana_wa_shela

Hii ya joto imenishtua. Nimelisukuma kwa mkono leo saa saba, mota imezimwa. Mitikisiko kumi sekunde 2.7. Alfajiri ilikuwa 2.5. Ni 23 na 25 kweli!

#18 Fundi_Gede

Mnapoteza muda wa mtoto. Toa mpira, chomelea chuma. Hakuna springi, hakuna mtikisiko.

#19 FundiPampu

Naunga mkono.

#20 Bi_Mkokoni

Taratibu. Chuma kitapandisha masafa, ni kweli. Lakini mlingoti wenyewe bado ni springi, ila sasa ngumu, na breki ya mpira imekwenda jalalani. Tazama ile hesabu ya mwalimu: chini ya mstari kuna breki mara masafa. Tuseme masafa yamepanda mara mbili, yakawa 50, na breki imeshuka hadi 0.02, maana chuma kitupu hakina breki ya maana. Mlima sasa ni 4 gawanya kwa 2, yaani 2 kamili. Umevuka moja. Dishi halitatikisika sekunde nane, litatikisika hadi bolti zitoke, na litakuwa na akiba ya fezi zaidi ya digrii 88 palepale kwenye radiani 4!

Bomba nene zaidi na mpira ubaki, hapo nakubali.

#21 Fundi_Gede

Hizo 0.02 umezitoa wapi?

#22 Bi_Mkokoni

Nimesema tuseme. Chomelea, lisukume kwa mkono, hesabu. Ukipata 0.1 kwenye chuma nitakunulia biriani.

#23 mhandisi_kijana

Mbona hakuna aliyesema D, ile sehemu ya kidhibiti inayofuata kasi ya kubadilika kwa kosa? Kosa la fezi huponywa kwa D. Ongeza D, fezi inapanda, mambo yanaisha. Hii ni ya mwaka wa tatu.

#24 kijana_wa_shela

Nilijaribu kabla hata ya kumwandikia mwalimu. Fezi ikapanda kwenye hesabu, na mota ikaanza kunguruma kama paka. Mjomba akaja kuuliza kama naua mnyama juu ya paa lake.

#25 mhandisi_kijana

Basi uliiweka vibaya.

#26 Bi_Mkokoni

Huenda hakuiweka vibaya. D hupandisha geini ya masafa ya juu, na ngazi za sensa ziko huko juu, kila kuruka kwa ngazi kunakuwa kibao kwa mota. Huo ndio mngurumo. Lakini nitamtetea mhandisi_kijana kidogo: nimeitia D ndogo kwenye hesabu za mwalimu, kwenye karatasi mtikisiko unapungua, hauongezeki. Kwa hiyo kama dishi lako lilitikisika zaidi, na si kunguruma tu, basi mota ina uchelewaji ambao haumo kwenye hesabu. Lilitikisika zaidi?

#27 kijana_wa_shela

Sikusubiri kuona, nilizima. Mjomba alikuwa amesimama pale.

#28 mzalendo_ngomeni

Samahani kuingilia. Malindi na madishi ni ndugu tangu zamani. Hapo Ngomeni kwenye jukwaa la San Marco baharini ndipo iliporushwa satelaiti ya Uhuru, 12 Desemba 1970, ikapewa jina hilo kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wetu. Ilikwenda kutazama miali ya eksirei angani. Babu yangu aliuza samaki kwa Waitaliano. Kijana, endelea, damu ya kazi hii iko pwani.

#29 Msemakweli

Na wale dishi lao lilikuwa na kiungo cha tairi?

#30 mzalendo_ngomeni

Babu aliuza samaki, hakupanda mlingoti.

#31 sauti_ya_kusi

Nimesoma barua mara mbili. Swali dogo. Kompyuta ndogo inayoendesha mota inasoma sensa mara ngapi kwa sekunde? Uchelewaji wa kusoma nao unarudisha fezi nyuma, na mwalimu hakuutaja. Kwenye radiani 4 hauonekani. Kwenye 25 unaonekana.

#32 kijana_wa_shela

Mara 100 kwa sekunde.

#33 Bi_Mkokoni

Swali zuri. Ukihesabu usomaji mmoja na nusu wa kuchelewa, milisekunde 15, kwenye 25 ni kama digrii 21 nyuma. Ajabu ni kwamba hapa unaweza kuwa unamsaidia: kilele cha mlima kinasogea kikapita hasi 180 badala ya kukaa juu yake. Lakini bega la mlima, lililo kabla ya kilele, nalo linasogea, linakuja kukaa pale kilele kilipokuwa. Siwezi kukwambia kwa kichwa nani anashinda. Apime kwenye 20, 21, 22 mpaka 28, si kuruka kutoka 16 hadi 32.

#34 kijana_wa_shela

Wakuu, nimetia chujio. Mstari mmoja tu kabla ya kupeleka kasi kwa mota:

```
uf += 0.074 * (u - uf);
```

Hiyo 0.074 ni kwa milisekunde 10 na chujio la radiani 8. Jana jioni: digrii 10, linafika, linapitiliza karibu nusu digrii, linarudi, limetulia kabla ya sekunde mbili. Mjomba amesema "sasa hili ni dishi". Nimepima akiba ya fezi upya, 61. Mwalimu alisema 63.

#35 sauti_ya_kusi

Hizo mbili zilizopungua ni kusoma kwako mara 100. Milisekunde 15 kwenye radiani 4 ni digrii tatu na ushei. Nilisema haionekani, kumbe inaonekana ukitoa macho.

#36 Msemakweli

Na ile chembe ya mwisho?

#37 kijana_wa_shela

Ipo palepale 😑

#38 Msemakweli

Meno.

#39 kijana_wa_shela

Kuna jingine lakini. Leo kusi imevuma tangu asubuhi. Upepo ukipiga dishi, linatikisika tena mara nne kwa sekunde. Linafifia upesi, sekunde moja na nusu, lakini kila upepo ukipiga linaanza upya. Nilidhani nimemaliza.

#40 Bi_Mkokoni

Chujio halikukupa breki mpya. Limeacha tu kuila ile uliyokuwa nayo. Dishi sasa linajibu upepo kama lingejibu mota ikiwa imezimwa, na hilo ndilo mwalimu alilokuahidi, soma tena barua. Ukitaka litulie zaidi ya hapo itabidi breki itoke mahali, ama kwenye kitanzi kwa hesabu nyingine kabisa, ama kwenye chuma.

#41 Fundi_Gede

Kwenye chuma 😀 Waya tatu kutoka kichwa cha mlingoti mpaka pembe za paa. Nakuja Jumamosi.

#42 nahodha_mstaafu

Kwenye jahazi hizo ni baraji, na hazifungwi kama za kutundikia nguo. Lakini waya zitazuia mlingoti kulala, hazizuii kujisokota. Dishi linatikisika kwa kulala au kwa kujisokota?

#43 kijana_wa_shela

Kujisokota, nahodha. Mpira ndio unaojisokota.

#44 Fundi_Gede

Nitakuja tu Jumamosi niuone huo mpira.